Kukariri Namba ya Simu ya Dharura: Njia ya Mafungu na Uhusishaji kwa Familia ya Mgonjwa wa Kisukari

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaweza kuzidiwa akiwa nyumbani kwake, bila homa wala maumivu ya kumtahadharisha. Sukari katika damu inaposhuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, yaani 3.9 milimoli kwa lita, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona njaa. Ikiendelea kushuka, ubongo hukosa chakula chake kikuu: mgonjwa huchanganyikiwa, hujibu maneno yasiyoeleweka, na mwishowe anaweza kupoteza fahamu. Kwa sababu hiyo, namba ya simu ya dharura iliyomo kichwani mwa mgonjwa peke yake haina msaada mkubwa. Saa inapohitajika, kichwa hicho ndicho kilichoshindwa kufanya kazi. Anayepaswa kuikariri ni yule anayekaa naye.

Katika kaya nyingi, anayekaa na mgonjwa mchana ni mtoto. Makala haya yanafuata mfano mmoja tu: bibi mwenye kisukari anayejidunga insulini, anayeishi na mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka tisa, huku mama wa mtoto akiwa kazini hadi jioni. Simu ya bibi imefungwa kwa nywila ambayo mtoto haijui, na mara nyingine haina chaji. Simu itakayotumika ni ya jirani, na katika simu ya jirani jina la mama halimo. Swali ni hili: muuguzi wa kliniki, mwenye dakika kumi na tano tu, amfundishe vipi mtoto huyo namba ya mama yake ili aikumbuke siku ya hatari?

Kwa nini tarakimu kumi ni nyingi

Namba ya simu ya mkononi nchini Tanzania ina tarakimu kumi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alichapisha makala mashuhuri iliyoonyesha kwamba mtu mzima anaposikia mfululizo wa vitu kwa mara ya kwanza, huweza kuvirudia takribani saba, akizidisha au kupunguza viwili. Mwaka 2001 mtafiti Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokusanyika baada ya hapo, akaonyesha kwamba pale ambapo mtu hapewi nafasi ya kurudiarudia kimoyomoyo wala kuunganisha vitu, kiasi hicho hushuka hadi karibu vinne. Mtoto wa shule ya msingi hushika pungufu ya mtu mzima. Tarakimu kumi zilizomwagwa mbele yake moja baada ya nyingine zinamzidi kabla hajafika mwisho, na zinazopotea zaidi ni za katikati. Za mwanzo na za mwisho ndizo hubaki.

Jambo kubwa katika makala ya Miller halikuwa hesabu ya saba. Lilikuwa ni hoja kwamba kinachohesabiwa na kumbukumbu ya muda mfupi si tarakimu bali ni fungu, na fungu ni kitu chochote ambacho mtu anakitambua kuwa kimoja. Tarakimu 1, 9, 6 na 1 ni vitu vinne kwa asiyejua historia ya Tanganyika. Kwa anayejua mwaka wa Uhuru ni kitu kimoja. Hivyo kazi ya anayefundisha si kukuza kumbukumbu ya mtoto. Ni kupunguza idadi ya vitu anavyotakiwa kushika, kutoka kumi hadi vitatu.

Hatua ya kwanza: kugawa na kutamka

Mfano wa namba utakaotumika hapa ni 0561 407 892. Imeundwa makusudi isiwe ya mtu yeyote, maana namba za simu za mkononi za Tanzania huanza kwa 06 au 07. Katika namba halisi, fungu la kwanza la tarakimu nne hubeba utambulisho wa mtandao, na mara nyingi mtoto amekwisha kulisikia nyumbani. Mafungu mawili yanayofuata ya tarakimu tatutatu ndiyo yenye kazi.

Mgawanyo ukishachaguliwa haubadilishwi tena. Hili hukosewa sana. Muuguzi husema "sifuri tano sita moja, nne sifuri saba, nane tisa mbili". Jioni baba mdogo akimsaidia mtoto husema "sifuri tano, sita moja nne, sifuri saba nane, tisa mbili". Tarakimu ni zilezile, lakini kwa kumbukumbu ya mtoto hizo ni namba mbili tofauti, na mafungu yaliyoanza kushikana huvunjika. Ndiyo maana namba huandikwa katika kitabu cha kliniki ikiwa na nafasi kati ya mafungu, na kila mtu nyumbani huambiwa aisome kama ilivyoandikwa, akipumzika kidogo mahali penye nafasi.

Namna ya kutamka nayo ina uzito. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba mtu hushika kwa muda mfupi kiasi cha maneno anachoweza kuyatamka kwa takribani sekunde mbili. Maneno yakiwa marefu, yanayoshikwa huwa machache. Katika Kiswahili jambo hili linaonekana wazi. Fungu 892 likisomwa "mia nane tisini na mbili" lina silabi kumi. Likisomwa "nane tisa mbili" lina sita. Kwa hiyo tarakimu zisomwe mojamoja ndani ya fungu. Tena zisomwe kwa lugha ambayo mtoto ataitumia kumtajia jirani. Mtoto aliyekariri kwa Kiswahili akaombwa na jirani ataje kwa Kiingereza hulazimika kutafsiri kila tarakimu, na katika kutafsiri ndipo fungu humponyoka.

Kuna mtego mwingine wa lugha. Maneno "sita" na "tisa" yamejengwa kwa sauti zilezile zilizobadilishana nafasi. "Tatu" na "tano" nayo huanza kwa silabi moja. Maneno yanayofanana kwa sauti huchanganywa kwa urahisi zaidi katika kumbukumbu ya muda mfupi, hata kama msemaji ametamka vizuri. Namba ya mfano ina sita katika fungu la kwanza na tisa katika fungu la tatu. Muuguzi akiona hivyo, atajua mapema mahali ambapo kosa linaweza kutokea, naye atazipa tarakimu hizo mbili picha zisizofanana hata kidogo.

Hatua ya pili: kuhusisha na kinachojulikana

Mgawanyo pekee humsaidia mtoto kuishika namba kwa dakika chache. Ili idumu, kila fungu lifungwe kwenye jambo ambalo tayari limo kichwani mwake. Nguvu ya uhusishaji ilionekana katika utafiti wa Ericsson na Chase uliochapishwa mwaka 1980. Mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye mwanzoni alirudia tarakimu saba tu kama watu wengine, alifanya mazoezi kwa zaidi ya saa 200 hadi akaweza kurudia tarakimu 79 alizosomewa mara moja. Alikuwa mkimbiaji, na alizigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio alizozijua. Lakini alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye herufi sita hivi. Kumbukumbu yake haikuwa imepanuka. Alikuwa amepata tu mahali pengi pa kutundika tarakimu.

Funzo kwa muuguzi ni kwamba picha inayofaa ni ya mtoto mwenyewe. Picha nzuri ya muuguzi haina msumari wa kutundikwa katika kichwa cha mtoto. Basi muuguzi humuuliza: "Sitini na moja inakukumbusha nini, mjukuu wangu?" Mtoto aliyesoma habari za Uhuru wa mwaka 1961 atajibu kwa furaha kwamba ni Uhuru. Fungu la kwanza limepata msumari: sifuri tano ni mwanzo, kisha Uhuru.

Fungu la pili ni 407. Mtoto husema mbuzi wa jirani ana miguu minne. Sifuri ina umbo la bakuli tupu. Saba ni siku za wiki. Tayari kuna picha: mbuzi anatazama bakuli tupu siku saba. Mtoto akicheka ni dalili njema, maana jambo la ajabu hukumbukwa kuliko la kila siku.

Fungu la tatu ni 892, na hapa mtoto anaweza kuleta uhusishaji wenye hatari ndani yake. Anaweza kusema: "Mwaka jana nilikuwa na miaka minane, mwaka huu tisa, na mdogo wangu ana miwili." Kwa leo ni sawa kabisa. Baada ya miezi michache mtoto atakuwa na miaka kumi na mdogo wake mitatu, na msumari utakuwa umehama huku namba ikibaki palepale. Umri, darasa analosoma, bei ya vitu na namba ya nyumba ya kupanga havifai, kwa kuwa hubadilika. Muuguzi humsifu kwa kufikiri, kisha humwongoza kwenye jambo lisilobadilika: nane na tisa hufuatana katika kuhesabu, inayotarajiwa baada yake ni kumi, lakini badala yake inarudi mbili.

Mwisho, mafungu yaunganishwe kwa mpangilio, kwa sababu picha tatu zilizosimama mbalimbali zinaweza kupishana. Hadithi fupi inatosha: siku ya Uhuru mbuzi aliletwa shereheni, akatazama bakuli tupu siku saba, aliyekuwa akizihesabu siku hizo alifika nane, tisa, akachoka, akarudi mbili. Hadithi ina mwanzo na mwisho, na saba ya fungu la pili inaivuta nane ya fungu la tatu. Mtoto akiijua hadithi, mpangilio wa mafungu umejihifadhi wenyewe.

Hatua ya tatu: kuitoa kichwani na si kuirudia

Kosa kubwa la ufundishaji huja hapa. Muuguzi husema namba, mtoto huirudia. Husema tena, mtoto huirudia tena. Baada ya mara kumi wote wawili huamini kwamba kazi imekwisha. Mtoto alichofanya ni kuwa mwangwi. Namba ilikuwa bado inalia masikioni mwake, na hakuitafuta mahali popote. Tafiti nyingi, ukiwemo ule wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, zimeonyesha kwamba kujitahidi kulitoa jambo kichwani hulifanya lidumu kwa siku nyingi kuliko kulisoma tena.

Utaratibu unaofaa ni wa kuacha nafasi inayozidi kurefuka. Mara baada ya hadithi, mtoto hutaja namba mara moja bila kuitazama. Kisha muuguzi anapima shinikizo la damu la bibi na kuzungumza habari nyingine kwa dakika moja au mbili, ndipo anauliza: "Namba ya mama?" Anauliza tena baada ya dakika kumi, kabla hawajaondoka. Nyumbani, bibi anauliza usiku huohuo, kesho asubuhi, baada ya siku tatu, baada ya wiki moja, kisha siku ya kliniki inayofuata. Mtoto akikosea, haachwi abahatishe mara nyingi, maana kosa nalo hukaririwa. Anakumbushwa hadithi, si tarakimu: "Mbuzi alitazama nini?" Akishindwa hata hapo, anaonyeshwa kitabu, na nafasi inafupishwa kuanzia upya.

Kujua kwa ulimi na kujua kwa kidole ni mambo mawili. Mtoto anaweza kuitaja namba vizuri huku akipotea mbele ya vitufe, ama akaanza katikati kwa sababu ya haraka. Kwa hiyo jaribio moja katika kila matatu lifanywe kwenye simu, na si simu ileile kila mara. Mtoto huandika tarakimu zote kumi, hutamka kila fungu akiwa analiandika, hulinganisha na kitabu, halafu hufuta bila kupiga. Simu moja halisi kwa mama, kwa siku na saa iliyopangwa, ndiyo inayokamilisha zoezi. Nayo hufundisha jambo lingine: mama ajizoeze kupokea namba asizozijua, la sivyo kazi yote huishia kwenye mlio usiopokelewa.

Kusoma makosa

Makosa ya mtoto humwambia muuguzi pa kurekebisha. Akitaja 470 badala ya 407, mafungu yako mahali pake lakini picha ya ndani ni dhaifu. Inabidi hadithi isimulie waziwazi kwamba bakuli lilikuja kabla ya siku saba. Akitaja fungu la tatu kabla ya la pili, picha ni imara lakini uzi wa kuziunganisha umekatika. Hadithi irudiwe nzima. Akitaja 862 badala ya 892, huo ni mtego wa sita na tisa, na dawa yake ni kurudi kwenye kuhesabu: baada ya nane huja nini? Na akitaja namba yote vizuri anapoanza mwanzo, ila hushindwa jirani anapomkatiza na kumwambia "rudia kuanzia hapo katikati", hilo si kosa la kuhangaikia. Mtu aliyekariri kwa mfuatano huhitaji kuanza mwanzo. Afundishwe kusema: "Naomba nianze upya."

Kosa gumu kuliko yote hutokea mama anapobadilisha namba. Namba ya zamani haifutiki. Hujitokeza yenyewe, hasa mtoto anapokuwa na hofu, kwa kuwa ndiyo iliyozoewa zaidi. Namba mpya ipewe hadithi mpya kabisa, isiyo na mbuzi wala Uhuru, na zile mbili zisikaririwe pamoja kwa kulinganishwa. Ratiba ya maswali ianze upya tangu siku ya kwanza. Inapowezekana, laini ya zamani ibaki hai kwa miezi michache.

Namba fupi za dharura zina mtego wa aina hiyohiyo. Nchini Tanzania, 112 ni ya polisi, 114 ni ya zimamoto, na 115 ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Zote huanza kwa moja mbili, na kumbukumbu hubaki na tarakimu moja tu ya kuzitofautisha. Mtoto akifundishwa zote siku moja huzichanganya. Afundishwe kwanza namba ya mama hadi iwe imara, kisha moja tu kati ya fupi, ile inayoihusu kaya yake.

Mipaka ya njia hii

Kukariri hakuondoi haja ya maandishi. Namba ibaki imeandikwa kwa kalamu katika kitabu cha kliniki na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango, kwa faida ya jirani au mgeni. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, mtu aliyetoka tu kwenye degedege la kifafa, au mtoto wa miaka minne hawategemewi kwa njia hii. Kwao karatasi na jirani ndiyo njia. Aidha, hofu kali hupunguza nafasi ya kufikiri. Ndiyo sababu namba hukaririwa hadi ijitokeze bila hadithi. Baada ya wiki kadhaa mtoto hatamwona tena mbuzi, atataja tu. Hadithi ilikuwa jukwaa la fundi, na nyumba ikisimama jukwaa huondolewa.

Mtoto pia asiifanye simu kuwa jambo la kwanza na la pekee. Bibi akiwa macho na anaweza kumeza, apewe kwanza sukari vijiko vidogo vitatu au vinne katika maji, ndipo simu ipigwe. Akiwa hasikii anapoitwa, asitiwe kitu chochote mdomoni kwa kuwa atapaliwa. Alazwe ubavu, mtoto akimbilie kwa jirani mtu mzima, na simu ipigwe hapohapo. Maneno ya mtoto kwenye simu nayo ni mafungu matatu: ni nani, yuko wapi, bibi amekuwaje.

Katika ziara inayofuata, muuguzi asianze kwa kumkumbusha mtoto. Mara tu shikamoo ikiitikiwa, kabla kitabu hakijafunguliwa, ampe simu na kumwomba aandike namba ya mama. Tarakimu kumi zikikaa sawa bila msaada, aandike katika kitabu tarehe na neno "anajua". Zisipokaa sawa, aandike ni fungu lipi lililoanguka, ili atakayempokea mtoto mwezi ujao aanzie hapo.